Voisi ya dakika moja inatosha

Vijana wenzangu, voisi ya dakika saba kwenye grupu la nyanya haisikilizwi na mtu. Mimi nasema dakika moja, tatizo moja. Chukua kantangaze, anza na dalili: "Inua jani kwenye mwanga. Ukiona baka pana lenye kiwavi na vinyesi vyeusi ndani, ni kantangaze. Ukiona mstari mwembamba uliopindapinda, huyo ni mdudu mwingine." Taja ulipo na umri wa nyanya zako, maana ushauri wa bondeni unaweza usifae mlimani. Usitaje dawa kwa shamba ambalo hujaliona. Baada ya wiki rudi na voisi nyingine, useme kilichotokea, hata kama ulikosea. Hapo ndipo watu wanaanza kukuuliza wewe kwanza.