Somo lianzie kwenye simu ya mama

Mwalimu, unapofundisha usalama mtandaoni, kumbuka kwamba huku Kericho na Bomet vijana wengi hutumia simu ya mzazi, hasa likizoni. Nywila ya kijana basi isiwe namba ya siri ya M-Pesa ya mama. Kuhusu picha, waonyeshe kwamba hata ile ya kutazamwa mara moja hunaswa kwa simu nyingine. Ila kaa zaidi kwenye matusi yanayotumwa kwa ujumbe. Mtoto akihofia mama atauona ujumbe, huufuta, na ushahidi hupotea. Wafanyishe mazoezi darasani: usijibu, piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, maana mtumaji anaweza kuufuta ujumbe kwa wote, ndipo umzuie. Kisha mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, laini ya watoto isiyo na malipo.