Mshumaa Mfupi Huzimika Kwanza: Wito kwa Walimu na Wazazi wa Goma

Walimu wenzangu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu, nanyi wazazi mnaokaa upande wa Bulengo, Lac Vert na njia ya Sake, naomba tuzungumze kuhusu mazuku, na namna ya kuyafundisha kwa watoto wadogo.

Watoto wetu wote wameshaonywa: usishuke shimoni, kuna mazuku. Onyo hilo ni la lazima. Lakini mtoto wa miaka 6 akiulizwa mazuku ni nini, aghalabu atasema ni kitu kibaya kinachokaa shimoni na kukamata watu. Jean Piaget, mtaalamu wa Geneva aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba katika umri huo mtoto huvipa uhai na nia vitu visivyo hai. Miaka 7 hadi 11 hivi, huanza kupanga vitu kwa mfuatano na kurudisha tendo nyuma akilini mwake, mradi vitu vyenyewe viwe mbele ya macho yake. Kufikiri juu ya asilimia au kanuni ya gesi asiyoiona huja baadaye. Kwa hiyo kumwandikia mtoto wa darasa la pili ubaoni kwamba gesi ya mazuku, kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa ni kumpa maneno ya kukariri tu. Tumpe kitu cha kutazama.

Chukua sufuria ya lita 5 yenye kina. Gandisha mishumaa miwili juu ya vijiwe bapa, mmoja mfupi kama kidole gumba, mwingine mrefu mara mbili. Iweke ndani, kisha nyunyiza vijiko viwili vidogo vya bikaboneti chini. Funga madirisha, maana upepo kidogo tu huharibu kila kitu. Mwalimu mwenyewe ndiye awashe. Kabla ya kuendelea, uliza: upi utazimika kwanza? Kila mtoto ajibu. Kisha mimina siki nusu glasi, polepole, ukipitishia ukingoni mwa sufuria. Povu litachemka na mshumaa mfupi utazimika huku mrefu ukiendelea kuwaka. Ongeza bikaboneti na siki kwa kipimo kilekile, na mara nyingi mrefu nao utafuata.

Kosa la kawaida ni povu kugusa utambi. Hapo watoto watasema maji yameuzima, na watakuwa na haki. Ndiyo sababu ya vijiwe.

Watoto wa darasa la kwanza waishie hapo, kwenye kutabiri na kuona. Wa la pili na la tatu waendelee. Waweke mishumaa mitatu kwa mfuatano wa urefu, kisha mbuzi, mtoto na mtu mzima wachorwe kando yake. Mwalimu ateremshe njiti inayowaka ndani ya sufuria, nayo izimike. Ainamishe sufuria kando kama anayemwaga maji, apepee kidogo, halafu ateremshe njiti nyingine. Sasa itawaka. Kilichoingia kimetoka, na mtoto ameliona tendo likirudi nyuma. Msikilizeni atakavyoeleza: akisema gesi ilijaa chini kisha ikamwagika, ameshika, akisema sufuria ilikasirika, mrudishieni jaribio wiki nyingine bila kumcheka.

Msifuate umri peke yake. Kwa sababu ya vita na kuhamahama, darasa moja la pili hapa Goma linaweza kuwa na mtoto wa miaka 7 na wa 11. Mwanasaikolojia Margaret Donaldson naye alionyesha mwaka 1978 kwamba watoto hufikiri vizuri zaidi swali likigusa maisha wanayoyajua, na mazuku wanayajua. Jibu la mtoto kabla ya siki kumiminwa litawaambia alipofika.

Jambo moja lisisahauliwe kamwe: mshumaa si kipimo cha usalama. Unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi imeshatosha kumlevya mtu. Waambieni watoto hivyo siku ileile, wasije wakateremka shimoni na kibiriti. Waambieni pia kwamba usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, gesi hutuama zaidi mabondeni, na kwamba aliyeanguka shimoni haokolewi na mtoto kumfuata; akimbie kuita watu wazima.

Wakurugenzi wa shule, naomba saa moja ya kila muhula kwa jaribio hili, na mkaguzi akifika akaribishwe kulitazama. Komite za wazazi, changieni pakiti ya bikaboneti na chupa ya siki. Nanyi wenyeji wa mitaa, njooni shuleni mtutajie mashimo mnayoyajua kando ya njia za watoto, mahali mbuzi au mbwa walikutwa wamekufa, tuyachore kwenye ramani ukutani kabla muhula haujaanza.