Mkutano Ufuate Saa ya Nairobi

Kamati yenye wajumbe London, Nairobi na Sydney ikipanga kukutana kila Jumanne saa tatu asubuhi ya London, imejitafutia lawama. Mwezi Januari, muda huo ni saa sita mchana Nairobi na saa mbili usiku Sydney. Ikifika Julai ni saa tano asubuhi Nairobi, na Sydney ni saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti aliyeko London hajagusa ratiba, lakini mjumbe wa Sydney amesogezwa kwa saa mbili nzima.

Kiangazi cha Australia huja wakati Ulaya iko kwenye baridi. London husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sydney husogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Mmoja akienda mbele, mwenzake anarudi nyuma, ndiyo maana tofauti yao ya saa 11 hushuka hadi saa 9.

Na hawabadilishi siku moja. Mwaka 2026, Sydney inasogeza saa tarehe 4 Oktoba, London tarehe 25. Kwa hiyo mkutano wa Jumanne, 29 Septemba, Sydney utaanza saa kumi na mbili jioni. Ile ya tarehe 6, 13 na 20 Oktoba itaanza saa moja. Wa tarehe 27 utaanza saa mbili usiku. Nairobi nayo haitaona badiliko lolote hadi huo wa tarehe 27. Hapo ndipo watu hukuta chumba kitupu, kisha wakaandikiana barua pepe za ukali.

Dawa ni kuufunga mkutano kwenye saa isiyotikisika, na Nairobi haisogezi saa. Ukiwekwa saa tano asubuhi ya Nairobi mwaka mzima, London itaingia saa mbili asubuhi wakati wa baridi na saa tatu wakati wa joto. Sydney itaingia saa moja jioni au saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja anabeba saa moja tu, hakuna anayebeba mbili. London italalamikia asubuhi za baridi, lakini Sydney imevumilia usiku kwa muda mrefu.

Anayetuma mwaliko achague `Africa/Nairobi` kwenye kalenda, kwa kuwa mara nyingi kalenda hufuata saa ya mji wa mwandaaji. Na asiandike tu “saa za mashariki ya Australia”: Brisbane iko mashariki pia, ila haibadilishi saa kabisa. Ataje mji.