Saini ya Mke Aliye Maskati
Mume yuko Tabata, mke yuko Maskati kikazi, na benki inataka fomu ya ridhaa ya mwenza kabla ya kuweka rehani nyumba ya ndoa. Mke anasema kwenye simu: "Nisainie tu, nimekubali." Hapo ndipo watu huponzwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake, na fomu ile humfanya wakili athibitishe kwamba mke amesaini mbele yake. Mume akiiga saini, wakili naye ameshuhudia uongo, na mhuri wa kutoka uwanja wa ndege kwenye pasipoti unatosha kuwaumbua wote wawili. Mkopo ukija kuyumba, mke anaweza kwenda mahakamani kupinga rehani; ndiyo maana ofisa mikopo makini huikataa fomu hata kama anaamini mke ameridhia kweli. Kughushi hati, kwa Kanuni ya Adhabu, kunaweza kumfunga mtu miaka 7. Njia halali haina maajabu: benki imtumie mke fomu kwa baruapepe, aichapishe bila kuisaini, aende nayo na pasipoti kwenye ubalozi wetu Maskati, asaini mbele ya ofisa, igongwe mhuri, kisha nakala halisi ije kwa kampuni ya vifurushi. Au ampe dada yake hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja na mkopo huo, naye asaini kwa jina lake mwenyewe, kwa niaba. Saini ya kielektroniki inatambuliwa na sheria ya 2015, ila kwa rehani iulize benki kwanza.