Acheni nukta na mistari kwenye majina ya biashara

Ndugu zangu wauza mchele wa Ruhembe, jina kama mchele_bora.ruhembe24 linawafukuza wateja. Instagram inalipokea. Facebook inakataa mstari wa chini. X inakataa nukta, na haipokei zaidi ya herufi 15. Mwishowe una majina matatu, na mteja wa Mikumi aliyelisikia kwa simu hakupati.

Tumia herufi tupu: mcheleruhembe lina herufi 13, linaandikika kote. Lakini usikimbilie kuchapisha mifuko! Litafute kwanza kila mtandao, kisha kwenye mfumo wa ORS wa BRELA. Likiwa limechukuliwa hata sehemu moja, usibandike namba. Tafuta jina jingine. Likiwa huru, fungua akaunti zote siku hiyohiyo.