Jumla ya wiki inakudanganya, angalia siku kwa siku

Wadau, wengi wetu Jumapili jioni tunapiga hesabu moja tu: nina kiasi gani, nadai kiasi gani, nadaiwa kiasi gani. Ukikuta kinachobaki ni kingi unalala vizuri. Mimi naona hesabu hiyo haitoshi, na nitawaonyesha kwa wiki yangu moja ya kuuza mikoba.

Jumapili nilikuwa na 345,000, simu na droo pamoja. Nadai 150,000 kwa dada mmoja wa ofisini aliyeahidi Jumatano, na 200,000 kwa wauzaji wangu wawili wanaolipa Ijumaa. Nadaiwa 350,000 ya mzigo niliochukua Kariakoo kwa mali kauli, siku ya kulipa Alhamisi. Halafu kuna zile zinazojirudia: mchezo 50,000, bando 10,000 na akiba ya kodi 35,000, zote Jumatatu, na Jumamosi msaidizi wangu 60,000.

Kodi yenyewe nalipa miezi sita kwa mkupuo, 900,000. Ukiisubiri mpaka tarehe ifike itakupiga wiki moja ikuue, ndiyo maana nimeigawa kwa wiki 26 na naiweka kwenye laini nyingine. Hela ya laini ile siihesabu kabisa kwenye ile 345,000.

Ukijumlisha, zinazoingia na zilizopo ni 695,000, zinazotoka 505,000, zinabaki 190,000. Safi, si ndiyo? Sasa twende siku kwa siku. Jumatatu baada ya kutoa 95,000 nabaki na 250,000. Jumatano dada akilipa nina 400,000. Alhamisi nalipa mzigo, nabaki na 50,000. Ijumaa 250,000, Jumamosi 190,000. Bado iko sawa.

Tatizo ni kwamba huyo dada hajawahi kulipa siku aliyosema. Nilipofungua meseji za nyuma nikakuta mara tatu mfululizo kachelewa siku mbili. Si mtu mbaya, analipa zote, ila Jumatano yake ni Ijumaa. Ukimhamishia Ijumaa, Alhamisi nina 250,000 na natakiwa kutoa 350,000. Nina shimo la laki moja. Na angalia hapa: Jumamosi jioni hela ni ile ile 190,000! Jumla haikubadilika hata shilingi, lakini Alhamisi ningekuwa nimezima simu nikimkwepa tajiri wangu wa Kariakoo. Nilishawahi kumfanyia hivyo, na mzigo uliofuata akanitaka nilipe keshi yote kwanza.

Kwa hiyo kwenye daftari langu deni naliandika kwa siku ambayo mteja huwa analipa, siyo siku aliyoahidi. Pembeni ya jina naweka namba ya siku anazochelewa. Mteja mpya ambaye simjui namsogeza wiki inayofuata. Hela iliyoko kwa bodaboda ambaye hajaniletea, hilo nalo ni deni, sio keshi.

Faida ya kuliona shimo Jumapili ni kwamba una siku nne za kuliziba. Jumatatu asubuhi nilimpigia tajiri: "Bosi, Alhamisi nakupa laki mbili, laki na nusu Jumamosi mchana." Akakubali. Alhamisi nikabaki na 50,000 ya boda na vitu vidogo, Ijumaa nikawa na 400,000, Jumamosi nikamalizia na msaidizi akapata yake. Simu hiyo hiyo ukiipiga Alhamisi jioni unaonekana tapeli.

Kuna watakaosema nimeacha mauzo ya wiki yenyewe. Ni kweli, na nimefanya makusudi, maana mauzo yangu ya mtandaoni hayatabiriki, wiki mikoba kumi, wiki miwili. Kama wewe una mauzo ya kila siku, mfano vitafunwa, huwezi kuyaacha. Chukua wiki mbovu kuliko zote kati ya nne zilizopita, uandike hiyo. Usichukue wastani, kwa sababu wiki mbovu ndiyo inayokuaibisha. Na ukiingiza mauzo, ingiza na gharama zake: vifungashio, boda unayolipa mwenyewe, makato ya kutoa hela.

Jumapili inayofuata kabla hujaanza wiki mpya, linganisha ulichoandika na kilichotokea. Ukikuta umekosea sana, mara nyingi ni mteja aliyechelewa kuliko ulivyomkadiria, au malipo yanayojirudia uliyoyasahau. Mimi nilikuwa nasahau umeme kila mara.

Kuna mwingine ananidai, samahani, namdai 70,000 tangu zamani. Hamjamwona kwenye hesabu ya juu kwa sababu nimemwandikia sifuri, wiki ya tano sasa. Jina halijafutwa na meseji namtumia, ila mzigo siagizi kwa hela yake.