Zohali Haijakataza Harusi: Majibu kwa Madai Matano ya Sade Sati

Posa ikishakubaliwa katika familia nyingi za Kihindu, iwe Ahmedabad, Pune au kwa Wagujarati wa Mombasa na Dar es Salaam, karatasi za nyota za kijana na binti hupelekwa kwa mnajimu. Hapo ndipo hutajwa sade sati, au panoti kama Wagujarati wanavyoiita, na ikishatajwa nyuso hubadilika. Harusi husogezwa mbele. Mara nyingine posa huvunjwa kabisa, na binti hubaki akinyooshewa kidole kuwa ana mkosi.

Makala haya hayamuulizi msomaji kama anaamini nyota au haamini. Yanachukua madai matano yanayosikika zaidi wakati wa posa na kuyapima kwanza kwa kanuni za unajimu wa Kihindi wenyewe, kisha kwa hesabu ya kawaida.

Tuelewane kwanza kuhusu jambo lenyewe. Zohali, ambayo Wahindu huiita Shani, hulizunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu, kwa hiyo hukaa kama miaka miwili na nusu katika kila moja ya buruji 12. Mnajimu wa Kihindi hutazama mwezi ulikuwa katika buruji gani saa mtu alipozaliwa. Zohali ikiingia buruji inayoitangulia hiyo, sade sati imeanza. Inaendelea Zohali ikiwa katika buruji ya mwezi wenyewe, na humalizika ikishatoka katika buruji inayofuata. Ni vituo vitatu, jumla miaka saba na nusu. Jambo hili halihusiani na ile nyota ya gazetini, inayofuata jua. Anayejiita Simba kwa kuwa alizaliwa Agosti bado hajajua mwezi wake ulikuwa wapi.

Dai la kwanza: “Binti huyu ana balaa ambalo wengine hawana.”

Buruji ni 12, na wakati wowote ule tatu kati yake zimo ndani ya sade sati. Mwezi huzipita buruji zote kwa siku 27 na kidogo, hivyo waliozaliwa mwezi mmoja wametawanyika katika buruji zote. Maana yake ni kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamo katika sade sati leo, na watakuwa robo nyingine baada ya miaka kadhaa.

Sasa tuwapige hesabu maharusi. Uwezekano wa bwana harusi kuwa nje ya sade sati ni robo tatu, na wa bibi harusi vilevile. Uwezekano wa wote wawili kuwa nje ni tisa kwa 16. Kwa hiyo katika kila harusi 16, takriban saba zina angalau mmoja aliye ndani. Kama kipindi hiki kingekuwa kinavunja ndoa kama inavyosemwa, karibu nusu ya ndoa za India zingekuwa zimefungwa chini ya hukumu hiyo. Familia inayomkataa binti kwa sababu hii inamkataa kwa jambo ambalo huenda mama mkwe mwenyewe alikuwa nalo siku aliyoolewa.

Dai la pili: “Zohali inaitazama nyumba ya ndoa, itaivunja.”

Hili ndilo dai lenye uzito zaidi. Wanajimu huzihesabu nyumba 12 kuanzia buruji ya mwezi. Ya 12 ni ya gharama na kitanda, ya kwanza ni ya nafsi, ya pili ni ya familia, na ya saba ni ya mwenzi. Sade sati hupita katika tatu za mwanzo katika orodha hiyo, na Zohali ikiwa katika ya kwanza huitazama ya saba moja kwa moja. Mtu aliyezoea mantiki hiyo ana haki ya kuingiwa na wasiwasi.

Lakini kanuni hiyohiyo inasema Zohali hutazama nyumba ya tatu, ya saba na ya kumi kutoka mahali ilipo. Ukihesabu, utaona kwamba huigusa nyumba ya ndoa pia ikiwa katika nyumba ya tano, katika ya kumi, na ikiwa ndani ya ya saba yenyewe. Ni mahali panne, na mahali pamoja tu kati ya hapo pamo katika sade sati. Anayeogopa mtazamo wa Zohali angepaswa kuogopa pia miaka mingine saba na nusu ambayo hakuna anayeitaja.

Zaidi ya hapo, mtazamo huo si lazima uwe dalili ya kuvunjika. K. N. Rao, mmoja wa wanajimu wanaojulikana sana Delhi, amefundisha kwa miaka mingi kwamba ndoa hufungwa pale Zohali na Mshtarii zinapoigusa kwa pamoja nyumba ya saba au mwenye nyumba hiyo. Kwa wafuasi wake, Zohali ikiitazama nyumba ya ndoa ni sehemu ya ishara kwamba harusi imekaribia.

Dai la tatu: “Vitabu vinakataza kuoana wakati wa sade sati.”

Njia ya kulinganisha nyota inayotumika sana kaskazini na magharibi mwa India ina vipimo vinane vyenye jumla ya alama 36, na 18 ndizo za chini za kukubalika. Kipimo kikubwa ni nadi chenye alama nane, kikifuatiwa na bhakuti chenye alama saba. Vipitie vyote vinane: sade sati haimo. Vipimo hivyo hutazama mwezi wa kuzaliwa wa pande mbili, wala havijali Zohali iko wapi mwaka huu.

Basi labda imo katika kuchagua siku ya harusi? Huko nako desturi ni kutazama nguvu tatu: Mshtarii kwa bibi harusi, jua kwa bwana harusi, na mwezi kwa wote wawili. Zohali haikupewa kiti.

Kipo lakini kinachowapa watu hofu. Vitabu vya zamani vya mapito ya sayari husema kweli kwamba Zohali ni mbaya katika nyumba ya 12, ya kwanza na ya pili kutoka mwezini. Ila havikuishia hapo. Vinasema Zohali ni nzuri katika nyumba tatu tu, yaani ya tatu, ya sita na ya 11, na katika tisa zilizobaki haina jema. Anayetaka kuvifuata kwa ukamilifu atalazimika kuzuia harusi kwa robo tatu za maisha ya kila mtu. Hakuna familia inayofanya hivyo. Zimechukua nyumba tatu zenye jina la kutisha na kuziacha sita.

Na wale wanaosema maharusi wote wawili wakiwa ndani kwa pamoja ni maangamizi, wajibu hili: watu wawili huingia na kutoka pamoja pale mwezi wao ulipokuwa katika buruji moja. Watu kama hao, katika kipimo cha bhakuti, hupata alama zote saba. Haiwezekani mnajimu awape alama kamili asubuhi kisha jioni awatishe kwa sababu ileile iliyowapatia alama.

Dai la nne: “Hakuna haraka, subirini ipite.”

Tuchukue binti ambaye mwezi wake ulikuwa katika Ndoo. Kwa hesabu zinazotumiwa na wengi India, Zohali iliingia Mbuzi tarehe 24 Januari 2020, na sade sati yake ikaanza. Ilihamia Ndoo Januari 2023 na Samaki tarehe 29 Machi 2025. Inatoka Samaki kuingia Kondoo mwanzoni mwa Juni 2027. Wazazi wanapanga harusi baada ya hapo. Lakini kila mwaka, kwa miezi minne na nusu hivi, Zohali huonekana kurudi kinyumenyume angani. Oktoba 2027 inarudi Samaki, na haitoki kabisa hadi Februari 2028. Miaka saba na nusu imekuwa minane.

Sasa mchumba wake awe wa buruji ya Ng’ombe. Zohali ikigusa Kondoo Juni 2027, yaani siku binti anapotoka kwa mara ya kwanza, kijana anaingia, na atabaki humo hadi 2034. Wakisubiri wote wawili wawe huru, subira iliyoanza 2020 itakwisha baada ya miaka 14. Kama binti alikuwa na miaka 24 mwanzoni, atakuwa na 38.

Hata tarehe zenyewe wanajimu hawajakubaliana. Hekalu la Tirunallar karibu na Karaikal, mahali mashuhuri kabisa pa Shani kusini mwa India, hufuata kalenda ya jadi ya Kitamil. Kuingia kwa Zohali katika Ndoo kulisherehekewa huko tarehe 20 Desemba 2023, wakati kalenda zinazofuata vipimo vya kisasa zilikuwa zimeshakutangaza tarehe 17 Januari mwaka huohuo. Sayari ni moja, tofauti ni miezi 11. Harusi iliyofungwa katikati ya tarehe hizo ilikuwa ndani ya kituo gani?

Dai la tano: “Tumeona kwa macho, fulani aliolewa humo na ndoa ikavunjika.”

Huenda ni kweli. Lakini katika miaka saba na nusu ya maisha ya yeyote utakuta msiba, deni, ugonjwa au ugomvi. Ili kujua kama Zohali inahusika, inabidi kuhesabu makundi manne: walioolewa ndani na ndoa ikavunjika, ndani na ikadumu, nje na ikavunjika, nje na ikadumu. Kumbukumbu ya familia hutunza kundi la kwanza tu.

Wapo waliojaribu kuupima unajimu wa Kihindi kwa hesabu. Mwanasayansi wa anga Jayant Narlikar na wenzake jimboni Maharashtra waliwapa wanajimu 27 karatasi za nyota 40 kila mmoja, watenganishe za watoto wenye akili nyingi na za wenye ulemavu wa akili. Walipatia kwa asilimia 46, chini ya kurusha shilingi. Jaribio hilo, lililochapishwa 2009, halikuhusu ndoa, ila lilionyesha karatasi ileile inayosomwa wakati wa posa inavyosomeka bila kujua majibu.

Na jadi yenyewe si ya giza tupu. Watamil huita mzunguko wa pili wa sade sati pongu sani, Shani wa kufurika neema. Kisa mashuhuri cha mfalme Vikramaditya wa Ujjain aliyeteswa na Shani miaka saba na nusu kina binti mfalme anayemchagua kuwa mume akiwa hana hali.

Kwa hiyo, mzazi ukiambiwa usubiri, muulize mnajimu maswali mawili: wamepata alama ngapi kati ya 36, na ni kanuni ipi inayokataza harusi kwa ajili ya sade sati. Akikuelekeza kumwaga mafuta ya ufuta Jumamosi, ni ibada ya bei nafuu, ifanyeni mkipenda. Akianza kutaja bei ya yakuti ya buluu, jueni mmeingia dukani. Akishindwa kuitaja kanuni, mlipeni haki yake, kisha mrudi kuchunguza yanayovunja ndoa kweli: tabia ya kijana, madeni yake, na kama wawili hao wanapendana.